Unapomwandikia rafiki uliyemtukana



Yoshua bin Sira, yule mwenye hekima wa Agano la Kale, ana maneno ya ajabu kuhusu marafiki katika sura ya 22 ya kitabu chake. Anasema kwamba hata kama umemchomolea rafiki yako upanga, usikate tamaa, kwa kuwa njia ya kurudiana ingalipo. Hata kama umemfungulia kinywa kwa ukali, mnaweza kupatana. Kisha anataja mambo manne ambayo humkimbiza rafiki yeyote: matukano, kiburi, kufichua siri na pigo la hila.

Tazama jinsi anavyoyapanga. Upanga uliochomolewa unaweza kurudishwa alani, lakini siri iliyotoka mdomoni hairudi. Mzee huyu alijua kwamba maneno makali hayako sawa yote. Kwa hiyo anayetaka kumrudia rafiki yake inambidi kwanza ajue ni neno la aina gani alilolisema.

Leo nataka tuzungumzie ujumbe wenyewe, ule unaouandika kwenye simu au kwenye karatasi baada ya ugomvi, ukitaka urafiki urudi. Siku hizi hatua ya kwanza ya upatanisho huwa ni hiyo, na wengi huiharibu kwa nia njema kabisa. Wanaandika, wanatuma, halafu wanashangaa kuona moto umezidi.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo wasomaji wa Msimbati wasijisumbue kumtafuta mhusika.

Wavuvi wawili wa Msimbati ni marafiki tangu utotoni. Waliingia likumbi pamoja na kutoka pamoja. Majina yao ni mamoja, moja la kanisani na moja la msikitini, hivyo tangu siku hizo wanaitana somo. Mmoja ana injini ya boti. Mwenzake akaiazima kwenda kuvua upande wa mdomo wa Ruvuma, akairudisha jioni bila kusema neno. Alfajiri mwenye injini akavuta kamba mara kumi na injini haikuwaka. Ilikuwa imeingia maji ya chumvi.

Akateremka dikoni, ambako watu walikuwa wamejaa wakingoja mnada wa samaki. Akamwita mwenzake mwizi. Mwenzake akajaribu kujieleza, naye kwa hasira akaongeza: "Umesahau hata sanda ya mama yako nilinunua mimi?"

Dikoni pakawa kimya. Yule mwenzake akaokota nyavu zake akaondoka.

Hapo pametoka mambo matatu, na tusiyachanganye. La kwanza ni shauri la injini, ambalo ni madai. Huenda ni ya haki, huenda si ya haki, fundi atasema. La pili ni tusi la mwizi, tena mbele ya umati. La tatu ndilo zito kuliko yote, masimango. Wema uliofanyika kimya siku ya msiba umetolewa hadharani na kugeuzwa fimbo. Hilo ni tusi na siri kwa pamoja, na Sira amekwisha kutuonya juu ya yote mawili.

Usiku wa siku hiyo hiyo, mwenye injini anaona vibaya. Anachukua simu, anaandika:

"Somo, kama nilikukosea samahani. Nilikuwa na hasira kwa sababu injini umeiharibu na hukuniambia. Unanijua mimi sina makuu. Haya yaishe. Nipigie."

Ametuma. Moyo wake umetua, akalala. Lakini tuusome ujumbe huo kwa macho ya aliyeupokea.

Anakutana kwanza na neno "kama". Watu wote wa dikoni wamesikia, iweje msemaji mwenyewe awe na shaka? "Kama" inafaa pale ambapo kweli hujui umemuumiza mtu wapi. Unapojua, huwa ni mlango wa kutokea.

Halafu anakutana na "kwa sababu". Hapo kosa limehamishwa kutoka kwa aliyetukana kwenda kwa aliyetukanwa. Samahani imekuja imebeba madai ya injini mgongoni, na mpokeaji hawezi kuipokea samahani bila kuyapokea na madai. Akijibu "nimekusamehe", atakuwa pia amekiri kwamba ameiharibu injini. Kwa hiyo hatajibu.

Kisha "yaishe". Anayetangaza kwamba mambo yamekwisha ni yule aliyeumiza, wakati aliyeumia bado anasikia sauti ya dikoni masikioni. Na mwishoni "nipigie": mzigo wa kuanza mazungumzo ametupiwa yeye.

Kumbe kuna jambo kubwa zaidi ambalo halimo kabisa. Ujumbe mzima haukutaja neno lililosemwa. Haukusema mwizi, haukugusa habari ya mama. Samahani imeelea hewani kama wingu lisilo na mvua. Aliyetukanwa bado hajui: je, somo yangu ananiona mwizi au hanioni? Anajua alichonifanyia kuhusu mama, au anadhani ni maneno ya kawaida ya hasira?

Hili ndilo jambo moja ninalotaka ulichukue Jumapili ya leo. Ujumbe wa kumrudia rafiki una kazi moja tu, nayo ni kulirudisha neno ulilolisema. Ulitaje neno lenyewe na ulifute. Chanzo cha ugomvi, hata kama una haki nacho kabisa, kibaki nje ya ujumbe huo.

Katika historia ya Kanisa tunao watu wawili wakubwa ambao barua zao zinalifundisha jambo hili vizuri, maana mmoja alifanikiwa na mwingine hakufanikiwa.

Mtakatifu Yeronimo, yule aliyekaa Bethlehemu akitafsiri Maandiko kwa Kilatini, alikuwa na rafiki wa ujana aitwaye Rufino. Walipendana kama ndugu. Kisha wakagombana vikali kuhusu mafundisho ya mwalimu wa kale Origene. Mwaka 397 walipeana mkono wa amani katika kanisa la Ufufuko kule Yerusalemu, na Rufino akarudi Italia. Huko akatafsiri kitabu cha Origene, na katika dibaji yake akamsifu Yeronimo kwa namna iliyomfanya aonekane mfuasi wa Origene. Yeronimo akawaka upya.

Safari hii Yeronimo aliandika barua mbili. Moja ilikuwa kali, kwa rafiki zake wa Roma. Nyingine ilikuwa ya upole, kwa Rufino mwenyewe, ya kuulinda ule mkono wa amani. Rafiki zake wa Roma wakaieneza ile kali. Ile ya upole wakaizuia, isimfikie Rufino.

Rufino akasoma ukali peke yake, akaandika kitabu cha kujitetea, Yeronimo akajibu kwa kitabu, kisha kingine. Hawakupatana tena. Rufino akafa Sisilia mwaka 411 hivi, na hata alipokuwa kaburini Yeronimo aliendelea kumtupia maneno ya kejeli. Urafiki wa maisha uliisha hivyo, na barua ambayo ingeweza kuuokoa ilikaa mikononi mwa watu waliopenda ugomvi uendelee.

Miaka hiyo hiyo Yeronimo alikuwa na mgogoro mwingine, na Mwafrika mwenzetu, Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo. Augustino, kijana kwa Yeronimo, alimwandikia kumkosoa jinsi alivyofafanua ile habari ya Paulo kumkemea Petro kule Antiokia. Barua alimkabidhi mtu ambaye, kwa kuogopa hatari za bahari, hakusafiri. Nakala zikaanza kusomwa Roma na Italia kabla Yeronimo hajaiona. Mzee wa Bethlehemu akapata habari kwamba kijana wa Afrika anamsema huko nje, ndipo baadaye akapata nakala isiyo na sahihi. Unaweza kufikiri alivyojisikia. Ni kama leo ujumbe uliokuhusu uusome kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla haujafika kwenye simu yako.

Yeronimo akajibu kwa maneno yenye miba. Augustino angeweza kujitetea, maana hakuwa ametuma nakala Roma. Lakini mwaka 404 aliandika barua ambayo kila anayegombana na rafiki angepaswa kuisikia. Alijiuliza kwa nini ahangaike kupiga kasia dhidi ya mkondo wa mto badala ya kuomba radhi. Akaomba radhi. Akamlilia Yeronimo kuhusu ugomvi wake na Rufino, akisema kwamba laiti angewakuta wote wawili mahali pamoja angeanguka miguuni pao. Na kuhusu ule mjadala wenyewe wa Petro na Paulo, akasema kwamba kama hawawezi kuuzungumza bila uchungu, basi waache.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yeronimo akalainika. Na baada ya amani kurudi, Augustino aliuanza tena mjadala ule ule, kwa kirefu na bila woga, na safari hii urafiki ulibaki salama. Hakuacha alichoamini, alikiweka kando mpaka jeraha lipone. Miaka ya baadaye walisimama pamoja kutetea imani, kama wazee wawili wanaoheshimiana.

Yeyote aliyevuka Ruvuma pale Kilambo wakati wa masika anaujua mkondo huo. Hakuna anayeuvuka kwa kushindana nao uso kwa uso.

Sasa turudi Msimbati kwa somo wetu. Tumpe nafasi ya kuandika tena, safari hii baada ya kulala na kuamka. Mtume Paulo anawaambia Waefeso wasiliache jua lichwe wangali na hasira, lakini hakusema ujumbe lazima utumwe saa sita ya usiku. Uweke moyo wako chini kabla ya kulala, na maneno uyaandike asubuhi. Andika kwanza kwenye karatasi, uyasome kwa sauti. Ukisikia sauti yako inapanda mahali fulani, hapo bado pana ugomvi, pakate.

Ujumbe wake sasa ni huu:

"Assalaam alaykum, somo. Juzi pale dikoni nilikuita mwizi mbele ya watu. Wewe si mwizi, na katika wote waliokuwepo hakuna anayelijua hilo kuliko mimi. Nilikusimanga pia kwa jambo la msiba, ambalo lilikuwa letu wawili. Sikuwa na haki ya kulitoa mdomoni. Nakuomba radhi kwa yote mawili. Lile la mwizi nataka nilifute pale pale nilipolisema, mbele ya wale wale, ukiniruhusu. Lile jingine sitalitamka tena popote. Habari ya injini tuiache kwanza, haina haraka. Si lazima unijibu sasa. Ijumaa jioni ningependa kupita kwako tusalimiane. Kama hutaki nije, niambie tu, sitachukia."

Ni ujumbe mfupi, lakini tuuangalie polepole.

Umeanza kwa salamu ya mpokeaji, kwa jina wanaloitana. Neno "somo" peke yake limebeba miaka yote ya urafiki, kwa hiyo hana haja ya kuandika aya nzima ya kukumbusha walivyotoka mbali. Ukianza kuhesabu mema mliyotendeana, hasa baada ya masimango, utakuwa unasimanga upya.

Kisha umetaja neno: mwizi. Umetaja mahali na waliosikia. Halafu umelifuta kwa kauli iliyonyooka: wewe si mwizi. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mwenzake alikuwa akiisubiri. Bila hiyo, samahani mia moja hazitoshi.

Lakini tazama jinsi alivyoligusa lile jambo la mama. Hakuandika sanda, hakuandika nani alinunua nini. Ameandika "jambo la msiba, ambalo lilikuwa letu wawili", na mwenye kuelewa ameelewa. Tusi hutajwa ili lifutwe. Siri huguswa tu bila kufunuliwa. Simu ya baba huchukuliwa na mtoto kutazama picha, hushikwa na mke, huachwa ikichaji dukani. Ujumbe unaoieleza siri kwa kirefu ili kuiombea radhi huifichua mara ya pili.

Ameahidi mambo mawili yanayolingana na makosa mawili. Tusi la hadharani litafutwa hadharani. Kuomba radhi chumbani kwa neno ulilolitangaza sokoni ni kumlipa mtu nusu ya deni lake, maana jina lake bado linatembea dikoni likiitwa mwizi. Ila ameomba ruhusa kwanza, kwa sababu huenda mwenzake hataki suala lifufuliwe mbele ya watu. Na siri, ambayo haiwezi kurudishwa, ameiahidia kitu pekee kinachowezekana: kutoirudia.

Injini ameitaja kwa sentensi moja, ili kuiweka pembeni. Asingeitaja kabisa, mwenzake angejiuliza: amesamehe deni, au anavizia? Sasa anajua lipo, litazungumzwa, na halikuambatanishwa na radhi.

Mwisho amemwachia mwenzake uhuru wa kujibu au kutojibu, wa kupokea ugeni au kuukataa. Aliyeumizwa amekwisha kunyang'anywa heshima mara moja. Usimnyang'anye na muda wake.

Huu ujumbe utumwe kwa njia gani? Utumwe kwake peke yake, si kwenye kundi, hata kama tusi lilitoka kwenye kundi. Kule utafuta baadaye, akikuruhusu. Wengine hupenda ujumbe wa sauti, kwa kuwa sauti hubeba huzuni kuliko maandishi. Ni kweli, lakini sauti pia hubeba kiburi bila mwenyewe kujua, na mpokeaji anaweza kuifungua akiwa kwenye daladala na abiria wote wakasikia. Kwa jambo lenye siri ndani yake, maandishi mafupi ni salama zaidi.

Na kama unatumia mjumbe, mkumbuke Rufino. Chunguza kama mjumbe wako anaipenda amani yenu au anafurahia ugomvi wenu. Anayekuja kila jioni kukuambia "jamaa naye anakusema" hawezi kubeba barua ya upole; ataisahau mfukoni. Sisi wa Kusini tumerithi dawa ya jambo hili, nayo ni utani. Mtani anaweza kuingia nyumba zote mbili, akawacheka wote wawili usoni, akawaambia wazi kwamba mnatia aibu, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa desturi imempa ruhusa. Mtani mwema akibeba ujumbe wako, hufika.

Sasa umetuma. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Alama mbili za buluu zimeonekana, saa moja imepita, hakuna jibu. Mtu anaanza kuandika tena: "Mbona kimya?" Jioni anaongeza: "Basi nimejua msimamo wako." Radhi ya asubuhi imegeuka ugomvi wa jioni.

Paulo mwenyewe aliwahi kuwaandikia Wakorinto barua kwa machozi mengi, kisha akakaa na wasiwasi. Anaeleza katika Waraka wa Pili kwamba alipofika Troa hakupata raha rohoni, kwa sababu hakumkuta Tito, aliyetoka Korintho, na hakujua wameipokeaje. Hakuandika barua nyingine ya kuwahimiza wajibu. Alivuka kwenda Makedonia, na huko ndiko Tito alikomkuta na habari njema. Kungoja bila kusukuma ni sehemu ya ujumbe.

Zaidi ya hayo, kwetu ukimya una maana nyingi. Huenda ameenda dago upande wa Msumbiji na simu ameiacha nyumbani. Huenda amesoma na analia. Huenda anatafuta maneno. Mpe bamvua moja lipite, yaani kama wiki mbili. Likipita na yeye yuko kimya, mpelekee mzee au mtani, si ujumbe wa pili. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 18 ameweka utaratibu wa namna hiyo kwa ndugu waliokoseana: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha mmoja au wawili zaidi.

Akijibu kwa ukali je? Tuseme ameandika: "Umenidhalilisha mbele ya wanangu. Leo ndiyo unaona mimi si mwizi?" Usijieleze. Jibu hilo ni neema, ingawa lina miba: anayekueleza maumivu yake bado anakuhesabu kuwa mtu wake. Mjibu kwa mstari mmoja tu: "Ni kweli, somo, hata wanao walisikia. Hilo pia naliomba radhi." Kisha nyamaza.

Utajuaje kama ujumbe umefanya kazi? Usitazame neno "nimekusamehe", maana linaweza kusemwa kwa adabu tu. Tazama kama anakutania tena. Tazama kama mtoto wake anatumwa kwako kuomba chumvi, kama anakuita ukipita barazani. Na ishara kubwa kuliko zote ni pale yeye mwenyewe anapoleta habari ya injini: "Somo, twende kwa fundi tukaone ile mashine." Hapo mjue jeraha limefunga, na madai yanaweza kuzungumzwa kama madai. Mmoja anaweza kulipa kifaa, mwingine akalipa ufundi, au wakapatana vinginevyo. Ni hesabu ya fedha tu, na fedha huhesabika.

Lakini tuwe wakweli kuhusu mpaka wa jambo hili. Yapo maneno ambayo ujumbe hauyawezi. Mtu aliyetishia kuua au kupiga hapaswi kudhani kwamba maneno matamu ya simuni yanafunga shauri; hapo wazee na vyombo vya sheria wana nafasi yao. Na yupo rafiki atakayekusamehe kwa moyo wote lakini asikuambie siri tena. Hilo usilihesabu kuwa ni kinyongo. Kusamehe ni zawadi anayoitoa mara moja. Kuaminiana ni nyumba, na nyumba iliyoungua hujengwa kwa misimu. Ukimdai vyote viwili siku moja, utakosa vyote viwili.

Ndugu msomaji, katika Mathayo sura ya 5 Bwana anasema kwamba ukifika na sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, ukapatane naye kwanza. Tazama vizuri: hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu yake. Alisema yeye ana neno juu yako. Injini inayokuuma wewe, Bwana hakuiuliza hapo. Ameuliza neno linalomuuma mwenzako.

Huenda leo unalijua neno hilo, na unajua ulilisema wapi na walisikia akina nani. Kabla hujafika zamu ya sadaka, lichukue hilo neno, liandike kwenye karatasi jinsi lilivyotoka mdomoni mwako. Chini yake andika ukweli kuhusu rafiki yako. Umekwisha kupata sentensi mbili za kwanza za ujumbe wako, na ndizo ngumu kuliko zote.

Bwana awape Jumapili njema.